Sura ya 6: Dari, Sakafu na Bakuli

Mnunuzi wa dhahabu wa Kilembwe ana uamuzi mmoja unaomrudia kila juma: auze mzigo alio nao, au abaki nao kidogo. Dhahabu ya sekta ya Lulenge hutoka mashimoni na kwenye mito, hununuliwa kwa gramu papo hapo, kisha husafirishwa kwa njia ya Misisi na Baraka kuelekea Uvira au Bukavu, kwenye kontwari. Kati ya siku anayomlipa mchimbaji na siku mzigo unapopimwa mezani kwa mnunuzi mkubwa, siku kadhaa hupita, na katika siku hizo bei ya dunia inaendelea na safari yake. Akipata faida ndogo kwa kila gramu, kushuka kwa bei kwa asilimia tano tu kunaweza kuimaliza yote. Akiuza haraka siku mbili kabla bei haijapanda, atakuwa amemfanyia kazi mwingine.

Bei hiyo ya dunia hutangazwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za kule. Ile ya alasiri hufika Kilembwe saa 10:00 London ikiwa katika majira ya joto, na saa 11:00 ikiwa katika majira ya baridi. Ni dola kwa wakia moja ya dhahabu safi, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Bei ikiwa dola 1,350 kwa wakia, gramu moja ni dola 43 na senti 40. Ikishuka hadi 1,266, gramu ni dola 40 na senti 70. Mwenye gramu 100 mkononi amepoteza dola 270 bila kuibiwa na mtu.

Nimechagua dhahabu kwa ajili ya sura hii kwa sababu kuna kipindi kimoja katika historia ya bei yake, kati ya mwaka 2013 na 2019, kinachofundisha kuliko maelezo yoyote jinsi bei inavyojenga msingi chini kabla ya kupanda. Kipindi hicho kimebeba maumbo yote mawili tunayoyataka: ukanda wa mstatili na kitako cha bakuli. Tukikisoma pole pole, kwa takwimu zake halisi, tutajua pia cha kutazama wakati ukanda mwingine utakapotokea.

Kwanza maumbo yenyewe. Ukanda wa mstatili ni pale bei inapopanda hadi kiwango fulani ikarudishwa, ikashuka hadi kiwango kingine ikazuiwa, na mwendo huo ukajirudia. Kiwango cha juu tunakiita dari, cha chini sakafu. Darini kuna watu wenye mali wanaoona bei hiyo inatosha, basi wanauza kila ikifika. Sakafuni kuna wenye fedha wanaoona bei hiyo ni rahisi, basi wananunua kila ikifika. Ukanda hudumu maadamu pande zote mbili bado zina kitu mkononi. Siku wauzaji wa darini wanapoishiwa mali, hakuna tena wa kuirudisha bei chini, nayo hupita.

Kitako cha bakuli hujengwa kwa namna nyingine. Bei inashuka kwa kasi, kisha kasi inapungua, kisha inakaa karibu na chini kwa muda mrefu huku wengi wakiisahau, kisha inaanza kuinuka polepole. Ukiichora kwa penseli laini, unapata bakuli. Hapa huna sakafu iliyoguswa mara nyingi; chini kabisa paliguswa mara moja au mbili, tena hakuna aliyepajua wakati panaguswa. Kwa hiyo mwenye kusoma bakuli hahangaiki na chini yake. Anatazama ukingo wake, yaani kile kiwango ambacho bei ilipita ikishuka na ambacho lazima ikipite tena ikipanda.

Makosa makubwa ya wasomaji wa chati hutokea pale wanapodhani kila ukanda ni msingi. Dhahabu yenyewe ilitoa onyo kali kuhusu jambo hili kabla ya kipindi chetu kuanza.

Septemba 2011 bei ilikuwa imefika juu ya dola 1,900 baada ya kupanda kwa miaka kumi mfululizo. Ikashuka, ikapata sakafu karibu na 1,525, ikarudi karibu na 1,800. Kwa mwaka mmoja na nusu iliendelea kuzunguka humo. Sakafu ya 1,525 iliguswa Desemba 2011, ikaguswa tena Mei 2012, na mara zote bei iliruka. Aliyetazama sakafu peke yake aliona ukuta wa mawe. Lakini aliyetazama maruko aliona jambo jingine. Ruko la Oktoba 2012 lilifika karibu 1,795. La Januari 2013 liliishia karibu 1,695. La Machi lilikoma karibu 1,615. Kila mara bei ilipoinuka ilikwenda mwendo mfupi zaidi kabla ya kurudi. Wanunuzi wa 1,525 walikuwa bado wapo, ila waliokuwa tayari kununua juu ya hapo walikuwa wanapungua.

Ijumaa tarehe 12 Aprili 2013 sakafu ilivunjika na bei ikafunga chini ya 1,500. Jumatatu iliyofuata, tarehe 15, ilianguka kwa zaidi ya asilimia tisa kwa siku moja, hadi karibu 1,350. Dhahabu ilikuwa haijawahi kuanguka hivyo kwa siku moja kwa miaka 30. Wote walionunua ndani ya ule ukanda, kwa mwaka mmoja na nusu, walijikuta juu ya bei. Kumbuka jambo hilo, maana hao ndio watakaokuwa wauzaji wa darini miaka iliyofuata: mtu aliyekwama na hasara kwa muda mrefu huuza kwa furaha siku bei inapomrudishia sehemu ya fedha zake.

Ukanda huo haukuwa msingi kwa sababu mbili. Ulikaa juu ya mlima wa miaka kumi, wala haukukaa chini ya mteremko, kwa hiyo waliokuwa na mali walikuwa na faida kubwa ya kulinda na kila sababu ya kuuza. Pili, bei ilikuwa inaelemea sakafu. Hili la pili ndilo uti wa sura hii. Ndani ya ukanda wowote, uliza bei inakaa karibu na ukuta upi, na inapousukuma ule ukuta mwingine, inarudi umbali gani.

Sasa tuingie katika bakuli lenyewe. Tazama bei ya dhahabu ilivyofunga kila mwisho wa mwaka: 2013 karibu 1,205, 2014 karibu 1,184, 2015 karibu 1,061, 2016 karibu 1,152, 2017 karibu 1,303, 2018 karibu 1,282. Hakuna haja ya mashine kuona umbo hilo. Inashuka kidogo, inashuka zaidi, inainuka, inainuka tena, inatulia. Hizo ni namba sita tu, zinaweza kuandikwa kwenye jalada la daftari, na bado zinaonyesha zaidi ya chati ya dakika tano ambayo vijana wengi hukaa wakiikodolea macho kwenye simu.

Chini kabisa palikuwa tarehe 3 Desemba 2015, karibu dola 1,046. Kuna tukio la mwezi huo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Kwa zaidi ya miaka miwili wafanyabiashara walikuwa wakiogopa siku ambayo benki kuu ya Marekani itapandisha riba, kwa hoja kwamba dhahabu haitoi riba na fedha zitaikimbia. Siku ile ilifika tarehe 16 Desemba 2015. Riba ikapandishwa kwa mara ya kwanza tangu 2006. Bei ilishuka siku iliyofuata hadi karibu 1,050, ikakaribia kabisa kile kiwango cha tarehe 3 Desemba, lakini haikukivunja. Habari mbaya iliyosubiriwa kwa miaka miwili ilikuja, na bei haikuwa na mahali pengine pa kwenda chini. Kila aliyetaka kuuza kwa sababu ya riba alikuwa ameshauza. Mimi naiona hiyo kuwa dalili ya kwanza ya msingi, na naiweka mbele ya umbo lolote: habari mbaya inapokuja na bei ikakataa kwenda chini zaidi.

Lakini dalili ya kwanza haimaanishi kwamba bei iko tayari kutoka. Tarehe 16 Desemba 2015 na siku ya kutoka zilitenganishwa na miaka mitatu na nusu. Aliyenunua chini akiwa na fedha zake mwenyewe angeweza kusubiri. Aliyenunua kwa mkopo angeliwa na riba. Jirani na Lulenge, upande wa Maniema, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara katika mgodi wake wa Namoya Januari 2016, yaani mwezi mmoja tu baada ya bei kugusa chini. Kwa mtazamo wa chati hakukuwa na mwezi mzuri zaidi wa kuanza. Desemba 2017, bei ikiwa imeshapanda kwa zaidi ya dola 180 kutoka pale chini, kampuni hiyo ikiwa na mzigo wa madeni iliomba ulinzi wa mahakama nchini Kanada dhidi ya wadai wake. Mgodi ule ulikuwa na matatizo yake mengi mbali na bei, lakini kwa somo letu inatosha kuona kwamba bakuli la miaka sita linaweza kuwa sahihi na bado likammaliza anayelisubiri kwa fedha za watu.

Julai 2016 bei ilipanda haraka hadi karibu 1,375, baada ya Waingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya. Hapo ikarudishwa. Sasa tulikuwa na ukingo wa bakuli, na kwa miaka mitatu iliyofuata ukingo huo ukawa dari ya mstatili. Septemba 2017 bei ilifika karibu 1,357 ikarudi. Januari 2018 ilifika karibu 1,366. Aprili 2018 karibu 1,365. Februari 2019 karibu 1,346. Ndani ya miaka mitatu, vilele vyote vilikaa ndani ya dola 30. Aliyekuwa anauza hapo alikuwa mkaidi, na tunaweza kukisia ni nani: ni wale walionunua 2013 na 2014 wakati bei ilipokuwa ikiruka hadi karibu 1,390 au zaidi, pamoja na waliokwama kutoka ule ukanda wa zamani na waliochoka kusubiri zaidi.

Watu wengi huhesabu mara ambazo dari imeguswa na kuishia hapo. Wengine husema dari iliyoguswa mara nne ni ngumu zaidi. Wengine husema inachakaa kwa kila mguso. Kuhesabu peke yake hakukupi jibu. Jibu liko katika kile kinachotokea baada ya mguso, yaani bei inaanguka kiasi gani kabla ya kuinuka tena. Hebu tupige hesabu.

Kutoka 1,375 ya Julai 2016 bei ilianguka hadi karibu 1,122 Desemba mwaka huo. Hizo ni dola 253, asilimia 18. Kutoka 1,357 ya Septemba 2017 ilianguka hadi 1,236 Desemba. Hizo ni dola 121, asilimia tisa. Kutoka 1,365 ya Aprili 2018, ninayoihesabu pamoja na mguso wa Januari, ilianguka hadi karibu 1,160 katikati ya Agosti. Dola 205, asilimia 15. Kutoka 1,346 ya Februari 2019 ilianguka hadi karibu 1,266 tu kufikia Mei. Dola 80, asilimia sita.

Soma mfululizo huo kwa uangalifu: 18, tisa, 15, sita. Ungependa ushuke bila kuyumba, lakini soko halifanyi kazi za kupendeza macho. Anguko la 2018 lilivunja utaratibu. Kuna waliokuwa wameanza kusema mwishoni mwa 2017 kwamba ukanda umeiva, maana anguko lilikuwa limepungua nusu. Miezi michache baadaye bei ilikuwa chini ya 1,200. Je, walikosea kusoma? Sidhani. Walisoma dalili iliyokuwepo, ila dari ilikuwa haijapitwa, na maadamu dari haijapitwa, kupungua kwa anguko ni matumaini yenye sababu tu.

Anguko lile la 2018 lilikuwa na kazi yake. Kila Ijumaa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa hutoa ripoti inayoonyesha, kufikia Jumanne ya juma hilo, makundi gani yamenunua na gani yameuza. Agosti 2018 ripoti hiyo ilionyesha kwamba wasimamizi wa mifuko mikubwa walikuwa wameuza dhahabu wasiyokuwa nayo kwa wingi mno kuliko walivyonunua, wakitegemea bei iendelee kuanguka. Mtu aliyeuza asichokuwa nacho ni mnunuzi wa kesho; siku moja lazima anunue ili alipe. Na upande wa pili, mwaka huo huo benki kuu za nchi mbalimbali zilinunua, ukitoa zilizouza, tani 651, kiasi kikubwa kuliko mwaka wowote kabla yake tangu 1971, kwa takwimu za Baraza la Dhahabu la Dunia. Kwa hiyo wakati bei ikiwa 1,160, mali ilikuwa inatoka kwa wenye papara na kuingia kwa wasio na haraka ya kuuza. Hiki ndicho kinachofanyika ndani ya msingi, na ndiyo maana msingi unahitaji muda.

Ukitazama chini za ukanda baada ya bakuli kugeuka, unaona 1,046, kisha 1,122, kisha 1,236, kisha 1,160, kisha 1,266. Chini ya 2018 ilikwenda chini ya ile ya 2017, lakini haikufika ile ya 2016. Na ile ya Mei 2019 ilikuwa juu kuliko zote. Bei ilikuwa imehama. Iliacha sakafu na kuanza kuishi karibu na dari. Linganisha na 2013, wakati ilipoacha dari na kuishi karibu na sakafu. Ni picha ileile iliyopinduliwa. Kufikia mwisho wa Mei 2019, msomaji makini alikuwa na mambo matatu mkononi: bakuli la miaka sita, ukingo unaojulikana kati ya 1,350 na 1,375, na anguko la mwisho lililokuwa dogo kuliko yote, lililokwisha mbali na sakafu. Huo ndio ukanda ulioiva. Bado hujavunjika, lakini umeiva.

Tarehe 19 Juni 2019 benki kuu ya Marekani ilionyesha kwamba iko tayari kushusha riba. Siku iliyofuata bei iliruka juu ya 1,380, na Ijumaa tarehe 21 juma lilifunga karibu 1,399. Tarehe 25 iligusa karibu 1,439. Kisha ikaja siku ambayo watu wengi huuza kwa hofu: tarehe 1 Julai bei ilirudi hadi karibu 1,382. Dola 57 zilipotea ndani ya siku chache. Lakini angalia ilikosimama, juu kidogo ya 1,375, mahali pale pale palipokuwa dari tangu 2016. Wale waliokuwa wakiuza hapo walikuwa wamekwisha, na waliochelewa kununua waliitumia nafasi hiyo kuingia. Dari ilikuwa imegeuka sakafu.

Wachoraji wa chati wana kipimo cha zamani cha kukadiria bei itafika wapi: chukua kimo cha umbo lote, kiongeze juu ya dari. Kutoka 1,046 hadi 1,375 ni dola 329. Ongeza, unapata 1,704. Bei ilikaribia kabisa hapo mapema Machi 2020, ikaporomoka hadi karibu 1,451 siku chache baadaye wakati korona ilipofunga dunia, kisha ikapita 1,704 Aprili na kufika karibu 2,075 Agosti. Kipimo hicho kinasaidia kujua kama safari inastahili nauli, basi. Hakikuambii lini, wala hakikuonyi kuhusu Machi kama ile. Mwenye mzigo uliokopwa angetupwa nje katika lile poromoko, ingawa hata pale chini bei haikurudi ndani ya ukanda.

Kabla ya kuamini mvunjo wowote, tusubiri kufunga kwa juma. Sababu yake iko katika ukanda uliofuata, ambao dari yake ilikuwa hiyohiyo 2,075 ya Agosti 2020. Bei iliirudia Machi 2022 na Mei 2023, ikashindwa. Hapa pia maanguko yalipungua mwishoni, baada ya kuyumba: baada ya 2020 lilikuwa asilimia 19, baada ya Machi 2022 asilimia 22, baada ya Mei 2023 asilimia 13. Kisha Jumatatu tarehe 4 Desemba 2023, usiku wa manane, masoko ya Asia yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka na wafanyabiashara wakiwa wachache, bei ilichomoka hadi karibu 2,135. Habari zilienea kwenye simu kila mahali kwamba dari imevunjika. Jioni ya siku hiyohiyo bei ilikuwa imerudi karibu 2,030. Aliyenunua kwa sababu ya ile namba ya usiku alikuwa na hasara ya dola 100 kwa wakia kabla ya kulala.

Mvunjo wa uongo hutambulikana hivyo: bei inagusa juu ya dari lakini haifungi juu yake. Mguso unaweza kufanywa na maagizo machache katika saa tulivu. Kufunga kwa juma kunahitaji siku tano za watu wa Asia, London na New York kukubali kununua kwa bei hiyo na wasipatikane wauzaji wa kutosha kuirudisha. Kwa Kilembwe, juma la soko hufungwa Ijumaa saa 5:00 usiku London na New York zikiwa katika majira ya joto, na saa 6:00 zikiwa katika majira ya baridi. Bei ya Jumamosi asubuhi haibadiliki hadi usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kuiandika.

Lakini mvunjo wa uongo nao una la kusema. Baada ya 4 Desemba bei ilishuka hadi karibu 1,973 tarehe 13, asilimia saba na nusu tu, ikageuka. Katikati ya ukanda palikuwa karibu 1,845, na haikufika hata karibu yake. Mvunjo wa uongo uliofuatwa na anguko refu, hadi katikati au sakafuni, unamaanisha wauzaji bado wengi. Uliofuatwa na anguko fupi unamaanisha wamebaki wachache. Machi 2024 juma lililoishia tarehe 8 lilifunga karibu 2,179, na safari hii bei haikurudi.

Mikanda miwili iliyoiva kwa namna moja haifanyi sheria. Kupungua kwa maanguko pekee kunaonyesha kwamba muda umekaribia. Upande unaonyeshwa na ukuta ambao bei inauelemea. Na ukishaingia baada ya kufunga juu ya dari, unahitaji mstari wa kutoka. Kwangu ni juma linalofunga tena ndani ya ukanda, chini ya dari. Mwaka 2019 huo ungekuwa mfungo wowote wa juma chini ya 1,350, sehemu ya chini ya ile dari. Haukutokea. Ungetokea, jibu lingekuwa kuuza bila mjadala, maana wale wauzaji tuliodhani wameisha wangekuwa wamejitokeza tena.

Kuna mpaka mmoja ambao chati haiuvuki, nao ni muhimu kwa Kilembwe kuliko mahali pengine. Chati ni ya bei ya London na New York. Bei ya shimoni ni hiyo ukitoa usafi wa dhahabu, kodi, vizuizi vya barabarani, gharama za njia na faida ya kila mkono inayopitia. Barabara ikifungwa na vita, au kontwari za Bukavu zikikosa fedha taslimu, bei ya shimoni inaweza kuanguka katika juma lile lile ambalo London inavunja dari. Mnunuzi aliyesoma chati vizuri na asisome barabara atabaki na mzigo sahihi mahali pasipo na mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, weka safu mbili katika daftari lako. Katika ya kwanza andika bei ya dunia ilivyofunga kila Ijumaa, ukiigeuza kuwa ya gramu. Katika ya pili andika gramu ilinunuliwa kwa kiasi gani Kilembwe siku hiyohiyo. Baada ya miezi sita utaona dari na sakafu ya kwanza, na utaona tofauti kati ya safu hizo mbili inavyotanuka na kusinyaa. Tofauti hiyo ikitanuka, uza, hata kama ukanda wa London umeiva. Ikiwa imetulia na juma limefunga juu ya dari, hapo ndipo kubaki na mzigo kuna hoja, ikiwa mzigo huo umenunuliwa kwa fedha zako mwenyewe.